Kazija Hakuruka Mlango wa Mtu

Ukifika Wete ukamuulizia Kazija, utaulizwa Kazija yupi, maana wapo wengi. Sema Kazija wa mwani. Hapo hata muuza urojo ataweka upawa chini akuonyeshe ile nyumba ya rangi ya buluu, chini duka la vitambaa, juu ofisi ya shirika la Mavuno ya Maji. Na ukipanda ngazi usimkute, usishangae. Huyo yuko pwani, kakunja nguo hadi magotini, anabishana na akina mama juu ya kamba.

Mwanamke mrefu, sauti ndogo, umri wa miaka arobaini kasoro. Aliolewa, akaachika, akashukuru. Kazi ya afisa nyanjani kaifanya tangu shirika lilipofungua mlango Wete, na vikundi vya mwani vya upande wote wa kaskazini vinamjua kwa mwendo wake, kabla hata uso haujaonekana.

Ofisini walikuwa wanne tu. Bwana Hamad, msimamizi wa Pemba nzima, mzee mpole mwenye kikohozi chake cha asubuhi. Agustino, mhasibu, mtu wa Bukoba, aliyekuja kwa mkataba mfupi, akaonja pweza wa nazi na habari ya kurudi ikaishia hapo. Na maafisa nyanjani wawili, Kazija na kijana mmoja hodari anaitwa Suhaib, aliyemkuta Kazija kazini na kufundishwa naye.

Walikaa vizuri, wakitaniana, wakigombania feni, mpaka Bwana Hamad alipofikia umri wa kustaafu.

Ukaja waraka kutoka makao makuu Unguja, kwenye barua pepe ya kila mmoja. Nafasi ya msimamizi wa Pemba iko wazi, kwa wafanyakazi wa ndani peke yao. Mwenye kuitaka apeleke barua na wasifu wake, na kama ana profaili kwenye mtandao wa LinkedIn, aweke na anwani yake, wachujaji wataitazama. Chini kulikuwa na maneno mengine, mafupi, ndiyo yaliyomkata Kazija maini. Mradi wa Pemba sasa utahitaji afisa nyanjani mmoja tu, atakayeajiriwa upya kwa mkataba mdogo. Kati ya maafisa waliopo, mmoja akipata usimamizi, wa pili atahamishiwa Unguja.

Sasa uelewe. Kazija ana mama yake Kiuyu, Bi Mwanawema, ambaye macho yamepungua hata sufuria na sahani huzitofautisha kwa mlio. Ndugu zake wawili wako Muscat, wanapiga simu siku za Idi. Kila Alkhamisi jioni Kazija huenda Kiuyu, humpikia mama yake, humsuka nywele, humsomea dawa zilizoandikwa kwenye makopo, Jumamosi hurudi Wete. Na Bi Mwanawema ameshasema, mara nyingi na kwa sauti, kwamba Unguja hendi.

"Unguja nende nikafanye nini mie? Nikakae ndani kama kuku wa mgeni? Wende mwenyewe, unizikie hapa hapa kwanza."

Kwa hiyo kwa Kazija habari haikuwa cheo. Akikosa ule usimamizi, ama amwache mama yake gizani, ama aache kazi inayomlisha mama yake. Ndiyo hiyo.

Suhaib ndiye aliyetangulia kuanguka, tena kwa haraka zake. Yeye profaili yake ilikuwa ya kupendeza, picha kavaa koti, kozi kila aina, watu kibao wamemthibitishia ujuzi wake. Akaona aongeze kidogo. Mwaka juzi Bwana Hamad alipokwenda kuhiji, Suhaib ndiye aliyekaimu. Basi akaingia kwenye profaili, akajaza cheo kipya, Kaimu Msimamizi, Pemba, na tarehe ya mwisho wake akasahau kuweka. Na kuna kitufe pale kinachouliza kama mtandao uwajulishe unaofahamiana nao. Akakiacha wazi.

Asubuhi yake simu za ofisi nzima zililia. Mpongeze Suhaib kwa kuanza cheo kipya. Unguja watu wakaandika hongera, hongera kaka, unastahili. Mmoja akaweka na maua.

Bwana Hamad akatoka chumbani kwake na miwani kipajini, simu mkononi.

"Suhaib, mwanangu."

"Naam, Bwana Hamad."

"Nimekufa lini?"

Agustino aliinamia meza, mabega yanatikisika. Suhaib akawa mwekundu, akawa mweusi, akaanza kubonyeza simu yake kama inaungua. Bwana Hamad hakucheka. Alikuwa ameumia, na mtu mpole akiumia haonyeshi, huenda chumbani akafunga mlango taratibu.

Kazija ndiye aliyemfuata na kikombe cha chai.

"Bwana Hamad, kijana hakusema uongo. Ulipokuwa Makka nani alitia saini? Si yeye? Kosa lake kaacha mlango wazi, watu wakadhani ni jana."

Mzee akakohoa. "Wewe unamtetea, na kazi mnaigombania nyote wawili?"

"Mie sijaiomba bado."

"Na utaiomba?"

Kazija akamsogezea kikombe. Suhaib alikuwa pale nje ya mlango, amekuja kuomba radhi, na yote aliyasikia.

Siku ya pili Kazija akaandika barua ya maombi, kisha akamwendea Agustino kwenye meza yake. Alimsubiri Suhaib ashuke kununua vocha, maana alimwonea aibu.

"Agustino, hebu nisaidie hii profaili. Nilifunguliwa kwenye semina, sijaigusa."

Agustino akaifungua. Picha ilikuwa ya harusi ya binamu yake, Kazija na bega la mtu mwingine. Chini pameandikwa, Afisa. Basi.

"Dada Kazija, afisa wa nini? Wa jeshi?"

Wakabadilisha picha. Wakaandika, Afisa Nyanjani, Mavuno ya Maji, Wete. Kisha Agustino akamwambia aeleze alichofanya miaka yote hii, akamwachia kiti. Kazija akaandika, akafuta, akaandika. Agustino alipokuja kusoma akajikuna kichwa.

"Hapa umeandika, vikundi vya Kiuyu vimepata mafunzo. Uzalishaji wa mwani umeongezeka. Akina mama wanashukuru."

"Si kweli?"

"Kweli tupu. Lakini nani kawafundisha? Haya mafunzo yalishuka na mvua? Dada yangu, mtu wa Unguja akisoma hii atadhani ni tangazo la mkutano. Wewe uko wapi hapa?"

"Sasa nijisifu mwenyewe, Agustino? Mtu mzima mimi! Wakisoma watu wa Kiuyu?"

"Watu wa Kiuyu wako LinkedIn?"

"Watoto wao wako."

Na hili kwa Agustino lilikuwa geni. Kwao mtu akiwa na ng'ombe kumi husema kumi. Pemba mwenye kumi husema, tunavyo vijing'ombe viwili vitatu, Mungu katujaalia. Sifa zako azitoe mwenzako, na wewe uinamishe kichwa useme, ah, mnanipaka mafuta tu. Kijana hata akenda kuposa, hasemi mwenyewe kwamba yeye ni mtu mwema. Husemewa.

"Basi hilo lipo humu," Agustino akasema, akafurahi. "Tazama. Kuna mahali unamwomba mwenzako akuandikie ushuhuda wa kazi. Anaandika yeye, kwa jina lake, unaletewa usome. Ukiukubali unakaa kwenye profaili yako, kila mtu auone. Ukiukataa haujulikani. Muombe mtu mmoja wawili wanaoijua kazi yako."

Uso wa Kazija ukafunguka. Hilo alilielewa kuliko yote. Agustino akaitwa benki, akamwacha na kompyuta.

Hapo ndipo alipofanya alilofanya. Lakini tusimlaumu upesi. Kazija kakulia katika nyumba ambayo harusi ikikaribia, mtu hupita nyumba kwa nyumba kualika. Unaanza mwanzo wa mtaa, unamaliza mwisho. Yule mliyegombana naye, hodi. Yule mbuzi wake kala mpunga wenu, hodi. Ukiruka mlango mmoja, umemwambia mwenye mlango kwamba si mtu. Arusi itaisha, chuki itabaki. Marehemu baba yake aliwahi kurudi usiku kutoka mwisho wa kijiji kwa sababu ya nyumba moja aliyoisahau.

Basi Kazija akabonyeza jina la Agustino, akapeleka ombi. Akapeleka kwa Bwana Hamad. Akalifikia jina la Suhaib, mkono ukasita. Akajiuliza, nimruke? Kesho akijua nimewaomba wote ila yeye? Akapeleka. Akaendelea na majina ya Unguja, dereva, mtunza ghala, bwana wa kompyuta. Na kwenye orodha hiyo akamkuta Bi Modester, afisa utumishi, mama wa Kihaya mwenye heshima zake, aliyefahamiana naye kwenye semina wakala meza moja. Mtu niliyekula naye nimpite? Akampelekea na yeye. Akafunga kompyuta, moyo mweupe, akenda kuswali adhuhuri.

Agustino aliporudi benki alikuta Suhaib amekaa juu ya meza, simu mkononi, anacheka peke yake.

"Agustino, njoo uone dunia. Nimeletewa mwaliko wa harusi, na mie ndiye ninayemposa mwari huyo huyo."

Agustino akasoma. Akamtafuta Kazija, akamkuta anafunga mkeka.

"Dada Kazija. Umeomba watu wangapi?"

"Wote."

"Wote nani?"

"Wote, Agustino. Sikumruka mtu."

"Suhaib anaomba kazi hiyo hiyo!"

"Najua. Ndiyo maana nisingemruka."

"Na Bi Modester?"

"Na Bi Modester."

Agustino akakaa chini, hapo hapo sakafuni, na suruali yake ya kazi. "Dada yangu, Bi Modester ndiye anayechuja maombi. Umemwomba hakimu akuandikie ushahidi."

Kazija akakaa na yeye. Wakatazamana kama watu waliopoteza ufunguo wa nyumba.

Kuanzia hapo ofisi ikawa na macho. Ule mtandao una tabia ya kukwambia nani kapita kuitazama profaili yako. Unaweza kuficha jina, ukaonekana cheo na mahali tu. Kwa mtu wa Dar es Salaam huko ni kujificha kweli. Wete si hivyo. Kazija alifungua simu akaona ameandikiwa kwamba kapitiwa na Afisa Nyanjani wa Mavuno ya Maji. Maafisa nyanjani Pemba nzima wawili, mmoja ni yeye mwenyewe. Akamtazama Suhaib meza ya pili. Suhaib akatazama dari.

Siku nyingine akaona Msimamizi wa Mavuno ya Maji. Akasikia kikohozi chumbani.

"Bwana Hamad," akamwambia mlangoni, "karibu, usipite dirishani."

Mzee akaona haya. "Kaa, mwanangu. Ombi lako nimeliona. Siandiki. Nyinyi wawili watoto wangu, nikimsifu mmoja nimemtusi mwenzake. Nitasemeshwa na Unguja, nitajibu nikiulizwa. Usinione vibaya."

"Sikuoni vibaya."

Agustino aliandika ushuhuda wake, mzuri, lakini ulikuwa wa risiti. Kwamba Kazija hurudisha risiti zote na kwa wakati. Dereva wa Unguja aliandika kwamba ni mtu wa watu. Na Alkhamisi, wakati Kazija anafunga mkoba aende Kiuyu, ukaingia ujumbe wa Bi Modester.

Bi Kazija, salaam. Nimepata ombi lako la ushuhuda. Siwezi kuandika kwa sababu mimi ni mmoja wa wachujaji, na kwa utaratibu inanibidi niwajulishe wenzangu kwamba uliniomba. Nakutakia kila la heri.

Aliusoma njiani, akausoma tena alipofika. Bi Mwanawema alimjua kwa pumzi.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Mbona nasikia mizigo?"

Kazija akamweleza. Akamweleza profaili ni kama ubao wa mtu uliowekwa njiani, kila apitaye asome wewe nani na umefanya nini. Akamweleza ushuhuda, na jinsi alivyoomba watu wote, hata mshindani wake, hata yule mama anayechuja. Bi Mwanawema alisikiliza, vidole vinachambua mchele kwa kupapasa.

"Sasa ulitaka umruke nani?"

"Huko si arusini, mama. Wenzetu wanaona kama nimejipendekeza."

"Umemwomba mmoja kwa siri?"

"Hapana. Wote, waziwazi."

"Anayejipendekeza hupita uani, wewe umepita mbele." Akapuliza pumba. "Na huyo kijana, kakujibu?"

"Hajajibu. Ananicheka."

"Acheke. Aliyealikwa ana deni la kuja, akitaka asitake."

"Kuja wapi, mama? Ni kwenye simu."

"Nnh. Kwenye simu kwani hamkai watu?"

Kazija alicheka, lakini usingizi wake wa Kiuyu, ambao siku zote ni mzuri, safari hiyo ulikuwa wa vipande. Alimtazama mama yake asubuhi akipapasa ukuta kwenda kutawadha, kiganja kinajua kila tundu la udongo ule. Akawaza Unguja, akawaza ukuta mwingine usiojulikana na kiganja.

Jumatatu alifika ofisini mapema. Suhaib hakuwepo, kashuka Kojani kwenye kikundi. Simu ikalia. Suhaib amekuandikia ushuhuda, usome kabla haujaonekana.

Akafikiri ni dhihaka. Akafungua.

Suhaib aliandika hivi:

"Nilipoajiriwa, Bi Kazija ndiye aliyenifundisha kazi. Nataka niseme jambo moja ambalo yeye halisemi. Mwaka ule maji yalipopata joto, kotonii yote, ule mwani wa bei nzuri, iliyofungwa kwenye vijiti karibu na ufukwe ilioza, na shirika lilitaka kuvifunga vikundi vitatu vya Kiuyu. Njia iliyobaki ilikuwa kulima kwenye kina, kwa nyavu zinazoelea, lakini akina mama hawajui kuogelea na walikataa. Bi Kazija naye hakujua. Akajifunza. Kila asubuhi, na nguo zake zote, mbele ya kijiji kizima, watoto wakimcheka, na mimi nikimcheka. Alipoweza kufika kwenye chelezo kinachoshikilia nyavu na kurudi, akamwita wa kwanza, akamshika mkono. Vikundi vyote vitatu vipo mpaka leo. Mimi naomba nafasi hii hii anayoiomba, na natumai nitaipata. Lakini nimeombwa nishuhudie, na hili ndilo nililoliona."

Kazija aliiweka simu kifudifudi. Akainuka, akafungua dirisha, akalifunga.

Maana habari ile ya kuogelea hakuipenda. Ilikuwa aibu yake. Mtu mzima kalowana mwili mzima, kanywa maji ya chumvi akatapika mbele ya watu, mpaka leo Kiuyu kuna watoto wakimwona huigiza mikono yake. Kwenye ripoti aliandika, akina mama wamehamia kwenye kina. Basi. Hata Unguja hawakujua. Na sasa akibonyeza kukubali, watajua wote, Unguja, Dar, na watoto wa Kiuyu walioko ng'ambo.

Agustino akamkuta kasimama.

"Umeshaona? Kaandika nini?"

Akampa simu. Agustino alisoma, midomo inatembea. Alipomaliza hakufanya mzaha.

"Hii ni kweli?"

"Kweli."

"Miaka yote nakaa na wewe chumba kimoja nahesabu risiti zako, hukunambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nimemeza bahari?"

"Kubali, dada. Hapo kwenye kitufe."

"Naweza kumwomba aipunguze. Aitoe ile ya nguo."

"Unaweza. Pana mahali pa kuomba marekebisho. Lakini ukiitoa hiyo, kitabaki kitu gani? Tangazo la mkutano."

Kazija akafikiria ule ukuta wa Kiuyu na kiganja cha mama yake. Akavuta pumzi, kama alivyokuwa akiivuta zamani kabla ya kuacha mchanga, akabonyeza. Kisha, na hapa ndipo Agustino alipotaka kupiga makofi, akakaa, akafuta lile tangazo lote alilojaza juu ya kazi yake. Akaandika upya. Nilijifunza kuogelea ili niwafundishe wakulima wa mwani. Nilisimamia kuhamisha mashamba ya vikundi vitatu kwenye kina. Maneno ya mwanzo yalimtoka kwa shida kama mwiba, ya mwisho yalitoka yenyewe. Si kujisifu tena, alijiambia, ameshasema mwenzangu, mie namwitikia tu.

Suhaib aliporudi Kojani, kalowana, Kazija alimwekea chai.

"Umekuja," akamwambia.

"Nimealikwa, ningefanyaje? Unajua nimekaa nayo siku ngapi? Nikilala, nauona mwaliko. Ningekunyamazia, ningekutana na wewe hapa kila siku na uso gani?" Akanywa. "Ulinisemea kwa Bwana Hamad, nilikusikia. Lakini sikulipi, uelewe. Kazi naitaka bado, Bi Kazija."

"Na mie naitaka bado, Suhaib."

"Basi tukaonane Gombani kwenye mahojiano."

Mahojiano yalifanyika Gombani, Chake Chake, kwenye ukumbi wa kukodi usio mbali na uwanja wa mpira, vijana wakifanya mazoezi nje na filimbi inalia. Meza moja, watu watatu kutoka Unguja, Bi Modester katikati. Suhaib aliingia kwanza, akatoka anapangusa shingo, akampa Kazija ishara ya kumtia moyo, iliyokosa nguvu kidogo.

Bi Modester hakuzunguka.

"Bi Kazija, kabla hatujaanza. Uliniomba ushuhuda ilhali mimi ni mchujaji. Wenzangu nimewaeleza. Tungependa kusikia kwako."

Kazija alikuwa kaandaa maneno ya ofisi. Yote yalikimbia.

"Bi Modester, mie niliwaomba watu wote ninaofahamiana nao humo. Sikujua kwamba kuna wa kuruka. Kwetu ukialika, hupiti mlango wa mtu. Sasa nimejua kuwa kazini kuna milango ya kupitwa, na wako ni mmojawapo. Naomba radhi."

Mmoja wa wachujaji, mtu wa Makunduchi, akacheka kimya. "Kwetu pia," akasema.

Bi Modester akaandika kitu. "Nilitazama. Kweli ulimwomba hata dereva. Tumeliona ni kutojua utaratibu, si hila. Na ujue tu, ushuhuda wa mtandaoni haupewi alama hapa. Tunatazama kazi." Akageuza karatasi. "Lakini ndio uliotufanya tuulize. Mshindani wako kakuandikia jambo ambalo halipo kwenye ripoti hata moja. Tumempigia Bwana Hamad, kathibitisha. Hebu tueleze. Uliwashawishi vipi waume wa hao akina mama?"

Kazija akaeleza. Alieleza jinsi alivyoanza na wakwe badala ya waume, maana mama mkwe akikubali nyumba imekubali. Alieleza nguo waliyoibuni, ya kusitiri isiyoshika maji. Alieleza siku aliyozama na kuvutwa na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha wiki moja kabla. Walipomwambia muda umekwisha, filimbi ya nje ilikuwa imeshanyamaza, na yeye alikuwa bado na maneno.

Jibu lilikuja kwa barua pepe asubuhi moja ya mvua, wote wakiwa ofisini. Walijua limekuja, maana kompyuta mbili zililia pamoja. Kazija hakufungua. Alikaa mikono mapajani. Suhaib alifungua ya kwake, akasoma, akaegemea kiti.

"Fungua, bosi," akasema.

Bwana Hamad alitoka chumbani kwake, miwani kipajini. Agustino alisimama, akakaa. Kazija alisoma mstari wa kwanza, akausoma tena polepole, mpaka pale palipoandikwa kituo cha kazi kitakuwa Wete. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, bila sauti, akayafuta kwa ncha ya ushungi.

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Hamad, akakohoa kikohozi kirefu kilichokuwa na mambo mengi ndani yake. Kisha akamwekea Suhaib mkono begani.

Suhaib hakujifanya kafurahi. Aliumia, siku mbili hakutania. Ya tatu akaja anapiga mluzi.

"Nimefikiri," akasema. "Mzee wangu alishawatangazia watu msikitini kwamba mimi ni msimamizi, tangu ile siku ya simu zilizolia. Nilikuwa nakwenda nyumbani nimejiinamia. Jana nimemwambia, mzee, ni Bi Kazija. Akasema, yule aliyemeza bahari? Basi kapewa haki yake. Nimekula wali nikalala kama mtoto. Na Unguja, si mbali. Safaa yuko kule, msiniulize Safaa nani."

"Safaa nani?" wakauliza wote watatu.

Kabla hajafunga mizigo, Kazija alikaa kwenye kompyuta akamwandikia ushuhuda bila kuombwa. Agustino akapita nyuma yake, akaona ukurasa umejaa, akaona bado anaandika. Kumwandikia mwenzio hakukumshinda, maneno yalikuwa yanagombania mlango.

"Dada, bosi wangu, punguza, itakuwa kitabu."

"Niache. Na nikishamaliza huyu unionyeshe pale pa kubadilisha cheo changu."

Agustino akavuta kiti. Wakajaza, Msimamizi, Pemba, kuanzia mwezi huu. Mwisho kikaja kile kitufe kinachouliza kama watu wajulishwe. Mkono wa Agustino ukaruka, lakini wa Kazija ulitangulia. Akakizima.

"Habari yangu nitaipeleka mwenyewe," akasema.

Alkhamisi hiyo alifika Kiuyu bado jua liko juu. Alianza nyumba ya mwanzo wa kijiji. Hodi. Akaingia, akawaambia, akapewa maji. Hodi ya pili. Watoto wakamfuata wanaogelea hewani kwa mikono, na safari hii na yeye akawaigizia, wakapiga kelele. Alipofika kwa mama yake, kijiji kizima kilikuwa kimeshajua, na Bi Mwanawema alikuwa kizingitini, kavaa kanga mpya, kajifanya hajasikia kitu.

"Umekuja na nani?"

"Na watu, mama."

"Nasikia." Akampapasa uso kwa kiganja, akapita kwenye paji, akashuka shavuni. "Hawatakuchukua?"

"Hawanichukui."

Bi Mwanawema akashusha pumzi, ile ya mtu aliyeubeba mtungi toka kisimani na sasa kautua. Kisha akageukia ndani.

"Basi ingia upike. Nina njaa tangu adhuhuri."